Barua kwa mwandishi: mswada wa riwaya "Kadi ya Siku Thelathini"

Idara ya Uhariri, Fasihi
Dar es Salaam
14 Machi 2024

Ndugu Mwanaidi,

YAH: MSWADA WAKO WA RIWAYA, "KADI YA SIKU THELATHINI"

Nimeusoma wote mswada wako kuhusu wakataji wa mkonge wa Tanga, kurasa 386, kisha nikarudia sura ya tisa na ya kumi. Naanza na jibu lenyewe, maana umelisubiri tangu Novemba: kamati ya uhariri ilikaa wiki iliyopita na imeamua kutouchapisha mswada huu kama ulivyo sasa. Pendekezo hilo nililitoa mimi, kwa hiyo ni haki yako kupata sababu kutoka kwangu, tena kwa kirefu. Nakuandikia kirefu hivi kwa kuwa nataka uuandike upya na uturudishie.

Kwanza niseme kilichonifanya nikeshe nao. Katika sura ya tisa, Tatu anaanika singa za mkonge kwenye waya nyuma ya korona, kiwanda cha kuchambulia majani, mikono inamwasha kwa utomvu, huku akimwangalia nyapara anapita na kitabu chake. Mumewe Bukuru ameleta mizigo sitini na minane badala ya sabini. Nyapara anaigeuza ile kadi yake ya kazi, anaitazama, anairudisha bila alama. Siku nzima ya jua imekwenda bure. Tatu hasemi neno. Usiku anaitoa kadi kwenye mfuko wa kaptura ya mumewe, anahesabu visanduku vilivyojazwa, anakuta kumi na tisa, anahesabu tena. Halafu anaificha chini ya unga. Hukueleza kwa nini ameificha, na hukuhitaji kueleza. Kwa kurasa kumi na moja niliishi ndani ya kambi ile. Anayeweza kuandika kurasa hizo anaweza kuandika kitabu, na hili nilimwambia mwenyekiti wa kamati kwa maneno hayohayo.

Tatizo ni kwamba msomaji anafika kwa Tatu akiwa ameshapita kurasa 140.

Sura nane za mwanzo zinaeleza mkonge. Zinaeleza vizuri, na naona umefanya utafiti wa kweli: SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, na mikataba yake, malori ya kuchukulia watu, posho ya unga na maharage, jinsi jani linavyokatwa shinani na mwiba wa nchani kuondolewa kabla ya kufungwa mzigo wa majani thelathini, reli ndogo za toroli zinazoelekea kiwandani. Lakini haya yote yanakuja kama somo kabla ya hadithi. Mfano ulio wazi kuliko yote uko ukurasa wa 52, nyapara anaposimama shambani saa moja asubuhi na kuwaambia wakataji wageni kwamba mkonge uliletwa na Dakta Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na kwamba katika miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Habari hiyo ni ya kweli na ni tamu. Miche 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale! Lakini nyapara wa mwaka 1952, mwenye wakataji mia wanaosubiri kugawiwa mistari, hawezi kuisema. Pale anayesema ni wewe, na msomaji anakusikia. Habari kama hiyo mpe mtu mwenye sababu ya kuisema, la sivyo iache kwenye daftari lako, hata kama inauma kuiacha.

Kipimo ninachotumia ni hiki, nawe unaweza kukitumia: kila maelezo yanayokuja, nauliza ni nani katika hadithi anayeyahitaji wakati huo. Utaratibu wa kadi, kwamba mshahara haulipwi mpaka siku thelathini za kazi iliyokamilika zijazwe, tunauhitaji sana, kwa sababu bila huo hatuwezi kuogopa pamoja na Tatu. Umeueleza sura ya tatu katika aya mbili ndefu. Sikukumbuka hata neno moja. Niliuelewa sura ya tisa, kadi ilipokataliwa alama.

La pili ni Bukuru. Ndiye mhusika mkuu, lakini mambo yote yanamtokea, naye anatazama. Anachukuliwa Kasulu na wakala kwa sababu baba yake alikubali. Anahamishwa shamba kwa sababu bwana shamba ameamua. Hata mgomo wa sura ya kumi na saba, ambao ungekuwa moyo wa nusu ya pili ya kitabu, Bukuru anausikia kwa jirani akiwa amelala na homa. Nilipofika hapo niliuweka mswada mezani. Ulikuwa na mashamba ya Tanga yanayochemka mwishoni mwa miaka ya 1950, wakataji wanaokataa kuingia shambani, nyapara asiyejua asimame upande gani, na mhusika wako umemfungia chumbani! Mtu asiye na uwezo wowote bado huchagua kitu: kusema au kunyamaza, kukopa au kulala njaa, kumwamini nani. Manamba, kibarua wa mkataba, hakuwa na mengi ya kuchagua, na ndiyo maana kila alilochagua lina uzito. Nipe machaguo ya Bukuru, hata ya kijinga, hata ya aibu.

Au jiulize kama hii ni hadithi ya Bukuru kweli. Sikulazimishi, kitabu ni chako. Lakini kila Tatu anapoingia, sentensi zako zinafupika na zinapata nguvu. Yeye ni Mzigua wa kijiji cha jirani, si mgeni kambini kama mumewe; anawajua wenyeji wanaowadharau manamba, anajua njia za kutoka, ana mama anayemwambia arudi nyumbani. Anaficha kadi. Anamkopa Mpemba wa duka na kumlipa kwa kazi ya usiku. Huyu anatenda. Inawezekana umeandika kurasa 386 ili umgundue yeye, na hilo hutokea kwa waandishi wengi.

Kuhusu lugha. Kiswahili chako ni safi na kina mizizi. Tatizo liko kwenye mazungumzo: Bukuru aliyefika juzi kutoka Buha, Mmakonde aliyevuka Ruvuma, Mgiriki mwenye shamba na Tatu mwenyewe, wote wanazungumza sawasawa na msomaji wa taarifa ya habari. Kambi za mkonge zilikuwa mahali ambapo watu wa lugha nyingi walijifunza Kiswahili kwa kazi, kwa ugomvi na kwa mapenzi. Sikuombi uandike makosa ili tuwacheke. Naomba nisikie Bukuru akikosa neno mwezi wa kwanza, na akilipata mwaka wa tatu. Peke yake hiyo ingetuonyesha miaka inavyopita, kuliko ile "miaka ikasonga" uliyoitumia karibu kila sura.

Halafu miisho ya sura. Karibu zote zinafungwa kwa methali na aya ya mafunzo. Sura ya tisa nayo inayo: baada ya kadi kuingia chini ya unga, unatuambia kwamba mwanamke ni nguzo ya nyumba. Tumeshaona! Futa aya hiyo leo hii, kabla hujafanya lolote jingine, kisha usome tena ukurasa huo kwa sauti.

Yapo na makosa ya historia, machache, ila kwa riwaya ya aina hii hayavumiliki. Bukuru na wenzake wanapanda treni Kigoma mwaka 1952 na kushuka Korogwe bila kuiacha reli. Haikuwezekana. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilijengwa mwaka 1963. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari iwe ya lori, na kwa kweli ni bahati kwako, maana watu wanaposhushwa kwenye treni usiku na kupakiwa kwenye lori bila kuambiwa wanakwenda wapi, una sura nzima. Ukurasa wa 97 kuna mkutano wa TANU mwaka huohuo wa 1952. TANU ilizaliwa Julai 1954, kabla yake kilikuwa chama cha TAA. Mengine nimeyaandika kwa penseli pembeni mwa nakala ninayokurudishia.

Mwisho wa kitabu sitausemea sana, kwa sababu naamini utabadilika wenyewe ukibadilisha yaliyotangulia. Kwa sasa Uhuru unafika Desemba 1961, Bukuru anapata shamba lake, nyapara anaomba radhi, yote katika kurasa kumi na nne. Wewe mwenyewe umetuonyesha kwa mamia ya kurasa kwamba mambo ya kambi hayakwisha hivyo.

Ninachopendekeza kifanyike ni hiki. Usianze kwa kusahihisha mswada ulio nao. Ukianza hivyo utabadilisha maneno na mifupa itabaki ileile. Uweke kando mwezi mmoja. Kisha andika sura mpya ya kwanza inayoanza asubuhi ya mizigo sitini na minane, uone ni mambo mangapi ya sura zile nane yanalazimisha kurudi. Nadhani ni machache. Kitabu cha kurasa 220 kinaweza kubeba hadithi hii yote.

Ukiwa na sura tatu mpya na muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, tuletee hizo tu, usisubiri kumaliza kitabu kizima. Andika juu ya bahasha "kwa msomaji wa mswada wa mkonge", nazo zitakuja mezani kwangu moja kwa moja bila kupanga foleni upya. Siwezi kukuahidi kwamba tutachapisha, kwa sababu uamuzi ni wa kamati na huwa haina nafasi nyingi za riwaya kwa mwaka. Ninachokuahidi ni kwamba nitazisoma ndani ya wiki sita na nitakujibu kwa uwazi huuhuu. Uko huru pia kupeleka kazi yako kwa mchapishaji mwingine wakati wowote. Maoni haya ni yako, yatumie utakavyo.

Nimezaliwa Muheza, na majirani zetu wengi walikuwa wajukuu wa manamba. Kitabu hiki nakitaka kiwepo, Ndugu Mwanaidi, na ndiyo maana sikuweza kukipitisha kikiwa nusu ya kile kinachoweza kuwa.

Nakala yako inakuja kwa basi la Tanga la Jumatatu, pamoja na barua hii. Tafadhali tuarifu ukiipata.

Wako katika kazi,

Msomaji wa miswada ya fasihi
kwa niaba ya Kamati ya Uhariri