Sentensi Nzima

Matokeo ya kwanza ya Mapendo ya mtihani wa Kifini yalikuja na sehemu nne: kusoma 3; kusikiliza, kuandika na kuzungumza, zote chini ya 3. Anayeomba uraia wa Ufini kwa ngazi ya kati ya YKI, mtihani wa taifa wa lugha, anatakiwa apate angalau 3 katika sehemu mbili, tena si mbili zozote. Zinazokubaliwa ni kuzungumza na kuandika, kusikiliza na kuandika, au kusoma na kuzungumza. Ile 3 ya kusoma ya Mapendo ilikuwa yatima.

Iliyomuuma zaidi ni ile chini ya 3 ya kuandika, maana kuandika Kifini ndiyo kazi yake. Tangu amalize mafunzo ya msaidizi wa wauguzi anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huko Tampere, saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Kila alfajiri huingiza kwenye kompyuta taarifa za wakazi kumi na wanne: nani amelala, nani amegeuzwa, nani amebadilishwa nepi, nani amekataa maji. Hakuna aliyewahi kumrudishia taarifa kwamba haieleweki.

"Niletee ulichoandika nyumbani," Jukka, muuguzi anayeshika naye zamu, alimwambia. Walikuwa wamemaliza mzunguko wa saa nane na wamekaa jikoni na kahawa, mlango wazi ili wasikie kengele. Mapendo akatoa daftari. Zoezi lilikuwa kumwalika rafiki kwenye sherehe. Aliandika:

*Juhla lauantaina. Alkaa klo 14. Ruokaa on. Tervetuloa.*

Jukka akasoma mara moja. Kisha akafungua kwenye kompyuta taarifa ya usiku ule ya chumba namba sita, akaiweka kando ya daftari:

*Käännetty vasemmalle kyljelle klo 2. Iho ehjä. Nukkuu.*

Mapendo aliangalia huku na huku, akaona mwenyewe. Sherehe Jumamosi, inaanza saa nane mchana, chakula kipo, karibu. Amegeuzwa ubavu wa kushoto, ngozi nzima, amelala. Hapakuwa na kosa la kisarufi hata moja, ila hapakuwa na mtu pia: nani anamwalika nani, kwa nini, afikeje. Kazini maneno hayo huachwa kwa makusudi, kwa sababu anayepokea zamu ana dakika kumi za kusoma habari za watu kumi na wanne. Anayesahihisha mtihani anatafuta yale yale yanayoachwa. Anataka kuona kama mwandishi anaweza kufunga wazo moja kwa jingine.

"Chukua haya manne," Jukka alisema, akaandika pembeni: *koska*, *jos*, *vaikka*, *siksi*. Kwa sababu, ikiwa, ingawa, kwa hiyo. "Usimalize zoezi kabla hujayatumia yote."

Usiku uliofuata alirudi na hii:

*Haluaisin kutsua sinut juhliin, koska poikani täyttää 15 vuotta. Jos tulet bussilla, tulen pysäkille sinua vastaan.*

Nampenda Mapendo hapa kuliko mahali pengine popote katika habari hii. Mwanawe anatimiza miaka kumi na mitano, na rafiki akija kwa basi atamkuta mwenyeji kituoni. Ndivyo mtu wa Fizi, kule Kongo, anavyoalika, na sasa Kifini chake kilikuwa kimeanza kualika hivyo.

Makosa mengine yalibaki. Mahali fulani alikusudia kuandika "nitakutana nawe stesheni", akaandika *tapan sinut asemalla*. *Tapaan*, yenye a mbili, ni kukutana. *Tapan* ni kuua. Jukka alipomweleza, Mapendo alishika kichwa, kisha akasema kwao pia yapo: amekufaa na amekufa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kwa nini urefu wa irabu una uzito. Alisoma kila sentensi kwa sauti, akivuta irabu ndefu kwa kidole mezani, ndipo aiandike.

Saa ndizo zilikuwa mtego mwingine. Mzee Eino wa chumba namba tisa alikuwa dereva wa treni, na usiku huamka akidhani amechelewa. *Paljonko kello on?* huuliza. Mapendo akitazama simu inasema 3:30. Kichwani kwake hiyo ni saa tisa na nusu usiku. Kifini kinasema *puoli neljä*, nusu ya kuelekea nne. Mtu aliyekua akihesabu kutoka machweo anapaswa kuvuka madaraja mawili: kwanza aache saa za Kiswahili, kisha akumbuke kwamba nusu ya Wafini inatazama mbele. Kwenye mtihani wa kwanza, daktari wa meno alihamisha miadi hadi *puoli kymmenen*. Mapendo aliandika 10:30. Jibu lilikuwa 9:30.

Basi Mzee Eino akawa mwalimu bila kujua. Kila alipouliza, Mapendo alimjibu papo hapo, akimtazama machoni, bila kupitia Kiswahili. Saa nyingine mzee aliuliza mara tano kabla hakujapambazuka.

Kilichokuwa kigumu kuliko sarufi ni usingizi. Mwanzoni alisoma mara tu afikapo nyumbani Hervanta, maana aliona aibu kulala na mtihani unakaribia. Alikaa mezani na kitabu hadi saa tano asubuhi, na jioni hakukumbuka hata mada. Mtu aliyekesha anaweza kupitisha macho kwenye ukurasa mzima na kuamini amesoma. Rafiki yake Sifa, ambaye naye husafisha ofisi alfajiri, ndiye aliyemkemea kwenye simu.

"Yaya, unajidanganya. Hicho siyo kusoma, hicho ni kukaa macho."

Alipanga upya. Asubuhi kwenye tramu ni kusikiliza tu: habari za shirika la utangazaji la Yle kwa Kifini chepesi, mara moja bila kusimamisha, mara ya pili akisimamisha kila habari na kurudia sentensi moja kwa sauti ya chini. Nyumbani chai na mkate, simu anamwachia mwanawe Byamungu au inazimwa, pazia zito, kitandani saa mbili na nusu hadi saa saba na nusu mchana. Saa nane anakaa mezani na karatasi na saa ya jikoni. Anaandika dakika 18, kalamu chini, zoezi jingine. Mtihani una mazoezi matatu ya kuandika na muda wake haufiki saa nzima. Anayejipamba kwenye la kwanza hulifikia la tatu akiwa na mistari miwili. Saa tisa Esta anarudi kutoka shule, na daftari linafungwa, liwe limeisha au halijaisha.

Siku zisizo na zamu zilikuwa za kuzungumza. YKI ya ngazi ya kati haina mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso. Unakaa kwenye chumba cha vifaa vya sauti, unavaa vipokea sauti, mlio unalia, unajibu mashine, na wenzako wote wanajibu kwa wakati ule ule. Mara ya kwanza Mapendo alimsikia kijana wa kiti cha kushoto akitiririka, akanyamaza kumsikiliza, na muda wake ukaisha akiwa amesema sentensi tatu. Sasa aliwasha redio, akawaambia watoto wapige soga kwa nguvu, akaweka simu irekodi dakika moja na nusu.

"Tupige kelele kweli, mama?" Esta aliuliza.

"Kweli. Nikinyamaza, ongezeni."

Mpangilio ulikuwa mmoja kila mara: nafikiri hivi, sababu ya kwanza na mfano, sababu ya pili, ingawa wengine husema vile. Akikwama, haruhusiwi kurudi nyuma kurekebisha mwisho wa neno. Anasonga mbele. Kosa moja linasameheka, lakini ukimya hauna cha kusahihishwa.

Nafasi za Tampere huisha haraka, kwa hiyo siku ya kujiandikisha hakulala. Alikaa na Byamungu mbele ya kompyuta kabla dirisha halijafunguliwa, jina na anwani vikiwa vimeandikwa tayari pembeni. Alipata Hämeenlinna, Jumamosi. Mara moja aliandika maombi kwenye orodha ya zamu: usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa awe nje. Mara iliyopita alitoka zamu ya Ijumaa akaingia mtihanini na sare ndani ya koti.

Siku ya mtihani, zoezi la kuandika la pili lilikuwa malalamiko kwa kampuni ya nyumba: mashine ya kufulia ya jengo imeharibika. Aliandika tangu lini, nani ameshapigiwa simu, anaomba nini na kabla ya siku gani. La tatu lilitaka maoni: je, mzee aishi kwake nyumbani au kwenye nyumba ya wazee?

Kalamu ilisimama. Analolijua juu ya jambo hili lisingeenea kwenye karatasi, na mkono ulitaka kuliandika kama taarifa: *Kaatuu yöllä. Yksin. Kylmä.* Anaanguka usiku, yuko peke yake, baridi. Alibakiwa na dakika 17. Akaandika:

*Minun mielestäni vanhus voi asua kotona, jos joku käy hänen luonaan myös yöllä.*

Mzee anaweza kuishi nyumbani, ikiwa kuna mtu anayepita kwake hata usiku. Kisha *koska*, na mengine yakafuata.

Matokeo yalikuja baada ya miezi miwili hivi. Kusoma 3, kuandika 3, kuzungumza 3, kusikiliza chini ya 3. Sifa alipiga simu kabla hajamaliza kuyasoma.

"Na kusikiliza?"

"Chini ya tatu, kama mwanzo."

"Sasa itakuwaje?"

"Kuandika na kuzungumza zinatosha. Wewe anza na kuandika. Niletee daftari lako Jumapili, na usilete lililosahihishwa."

Jioni ile, kabla ya zamu, Mapendo na watoto walifungua ombi la uraia. Alifika Ufini mwaka 2016 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, na muda wa ukaaji, ambao tangu Oktoba 2024 kwa kawaida ni miaka minane, alikuwa ameutimiza. Watoto wanaweza kuingia kwenye ombi la mama, lakini aliyefikisha miaka 15 lazima aridhie mwenyewe. Byamungu akasogeza kiti, akasoma ukurasa mzima, akasema anakubali. Kisha akaelekeza kidole kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa.

"Hapa tunaandika Nyarugusu?"

"Leta kwanza kibali chako cha ukaaji na karatasi zako za kambini," Mapendo alisema. "Kama zinasema Kasulu, andika Kasulu. Zisipolingana watatuandikia kuomba maelezo, na tutasubiri tena."