Jedwali la Ukaguzi wa Kinga ya Maambukizi: Mikono, Ncha Kali na Taka

Kwa: Wauguzi wafawidhi wa wodi na vitengo vyote
Kutoka: Mratibu wa Kinga na Udhibiti wa Maambukizi
Tarehe za ukaguzi: Jumanne 10 na Jumatano 11 Juni 2025

Ndugu wafawidhi, daftari la ukaguzi lina kurasa 11 za miandiko miwili, na najua hakuna atakayelisoma lote. Nimelipunguza liwe jedwali moja la kubandika ubaoni. "Nusu" maana yake jambo lipo, ila si kila mahali au si kila wakati. Maelezo kama "usafi hauridhishi" nimeyaacha, kwa kuwa mkaguzi hakutaja ni nini wala ni wapi.

| Na. | Kilichokaguliwa | Hali | Kilichoonekana | Wa kurekebisha |
|---|---|---|---|---|
| | USAFI WA MIKONO | | | |
| 1 | Maji na sabuni kwenye sinki | Nusu | Sinki 7 kati ya 9 zina maji. Mbili za wodi ya wazazi zimekauka; ndoo ya koki iliyo pembeni ni tupu | Fundi bomba, Ijumaa 13 Juni |
| 2 | Sanitaiza kando ya vitanda | Hapana | Wodi ya upasuaji: chupa 4 kwa vitanda 18, mbili hazina kitu | Famasia, leo |
| 3 | Kusafisha mikono katika nyakati tano | Nusu | Mara 22 kati ya 40 (tazama chini) | Wafawidhi wote |
| 4 | Kucha fupi, bila pete wala saa | Sawa | | |
| 5 | Glovu mpya kwa kila mgonjwa | Hapana | Chumba cha sindano: glovu zilezile kwa wagonjwa wawili | Mfawidhi, wagonjwa wa nje |
| | NCHA KALI | | | |
| 6 | Sefti boksi lipo pale pa kuchomea sindano | Nusu | Chumba cha sindano: limo kabatini, hatua sita kutoka kitandani | Mfawidhi, leo |
| 7 | Boksi halijapita robo tatu | Hapana | Wazazi: limejaa hadi mdomoni, bomba la sindano limechomoza | Mfawidhi wa zamu |
| 8 | Sindano haifunikwi baada ya kutumika | Hapana | Chumba cha sindano: ilifunikwa mara 3 kati ya 8, kwa mikono miwili | Mfawidhi, wagonjwa wa nje |
| 9 | Mtumishi anajua la kufanya akijichoma | Nusu | Watumishi 3 kati ya 5 walieleza vizuri. Bango liko maabara tu | Mratibu |
| | TAKA | | | |
| 10 | Ndoo tatu zenye mifuko ya rangi yake | Nusu | Mifuko ya njano imekwisha. Nyeusi inatumika badala yake | Stoo |
| 11 | Taka zinatenganishwa pale zinapozalishwa | Hapana | Glovu yenye damu kwenye ndoo nyeusi, ganda la ndizi kwenye nyekundu | Wafawidhi wote |
| 12 | Kondo la nyuma linapelekwa shimoni siku hiyohiyo | Sawa | | |
| 13 | Eneo la insinereta limefungwa | Nusu | Insinereta inafanya kazi, lakini lango halina kufuli. Sefti boksi 6 zimewekwa chini nje | Afisa afya |

Mstari wa 3. Jumla ya 22 inaficha jambo. Baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, mikono ilisafishwa mara 6 kati ya 6. Baada ya kumgusa mgonjwa, 6 kati ya 9. Baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, 2 kati ya 5. Kabla ya kazi inayohitaji usafi, kama kuweka kanula, 3 kati ya 6. Kabla ya kumgusa mgonjwa, 5 tu kati ya 14. Yaani tunanawa tukijihofia wenyewe. Mgonjwa tunamfikia na mikono tuliyotoka nayo kwa mwenzake. Ndiyo maana mstari wa 2 umewekewa "leo": sanitaiza inachukua sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni 40 hadi 60, na sinki ya wodi ya upasuaji iko mlangoni. Pasipo chupa kando ya kitanda, kumwambia muuguzi wa vitanda 18 arudi mlangoni kila mara ni kujidanganya.

Mistari ya 6 na 8 ni kosa moja. Muuguzi anafunika sindano kwa sababu hawezi kutembea nayo wazi hadi kabatini. Boksi lihamie kwenye toroli, kisha ndipo tumlaumu.

Mstari wa 7. Jumanne daftari linasema "robo tatu", Jumatano "limejaa". Nimechukua la Jumatano. Wakaguzi hawakupishana: boksi lilifika alama, likaachwa usiku kucha. Likifika robo tatu lifungwe na zamu iliyopo, lisisubiri asubuhi.

Mstari wa 9. Aliyejichoma aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, amwarifu mfawidhi, aende kupimwa papo hapo. Dawa kinga ya VVU inaanzwa mapema iwezekanavyo, wala isizidi saa 72. Bango jipya nitalileta mwenyewe kila wodi.

Ukaguzi wa marudio ni Jumanne 24 Juni, kwa mistari ya 2, 5, 7, 8 na 11 tu. Jedwali la Machi libanduliwe. Kwenye wodi mbili bado linaning'inia ubaoni.