Muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu cha msingi cha korosho, Newala, Jumamosi 16 Agosti 2025

Umeandikwa na karani wa chama kutoka kwenye rekodi ya simu. Rekodi ina saa 4 na dakika 12, nimeisikiliza yote mara mbili na sehemu za kilo nimezirudia hata mara sita. Salamu, vicheko na watu kuongea kwa pamoja nimeviacha. Ila pale mtu aliposema jambo linalogusa kilo au hela nimeweka maneno yake kama alivyoyatoa, sababu mwaka jana tuliandika "wajumbe walijadili kwa kina" afu mwaka huu hakuna aliyekumbuka walijadili nini.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la chama, chini ya mwembe. Ulifunguliwa saa 4:25 asubuhi kwa dua ya kiislamu na sala ya kikristo. Wanachama tuko 412 kwenye daftari, waliosaini mahudhurio ni 231, wanaume 143 na wanawake 88. Masharti yetu yanataka nusu ambayo ni 206, kwahiyo akidi ilitimia. Bodi ilikuwepo yote, meneja, mtunza ghala, afisa ushirika wa wilaya na mtendaji wa kijiji.

Muhtasari uliopita ulisomwa na kuthibitishwa, na yatokanayo yalikuwa mawili tu. Choo cha ghala kimejengwa, kimeisha. Mizani ilipelekwa kwa Wakala wa Vipimo na ikagongwa muhuri mwezi wa tisa mwaka jana, kabla msimu haujaanza. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu aliuliza muhuri uko wapi auone, mwenyekiti akaagiza mizani itolewe nje, ikatolewa, mzee akainama akauona akasema "haya, endeleeni."

Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa na meneja. Msimu wa 2024/2025 mzigo wetu uliopokelewa ghala kuu ni kilo 213,180, ushuru wa chama ni shilingi 70 kwa kilo, kwahiyo mapato 14,922,600. Matumizi 13,410,000, ziada 1,512,600. Hesabu zilishakaguliwa na COASCO na hati ni ya kuridhisha. Maswali yalikuwa machache, mama mmoja aliuliza posho za vikao vya bodi mbona vikao 14 wakati ratiba ni 12, mwenyekiti akajibu viwili vilikuwa vya dharura kipindi cha mvua za Desemba mzigo ulipokwama. Mkutano ukapokea taarifa, ila jambo la kilo likatengwa lijadiliwe peke yake. Ndilo lililochukua muda mwingi kuliko yote.

KILO ZILIZOPUNGUA

Meneja alisema kilo zilizopimwa hapa kwetu ni 214,600, zilizopokelewa ghala kuu ni 213,180, upungufu kilo 1,420. Akasema ni unyaufu, korosho ikikaa inapoteza maji, na mkulima akileta mbichi mbichi kabla haijakauka juani ndo inazidi. Afisa ushirika akaongezea kwamba unyaufu upo kweli na kila chama unakipata, cha muhimu uwe na maelezo.

Wengi walikuwa tayari kupokea hivyohivyo. Sasa akasimama bibi mmoja wa kitongoji cha bondeni, huyu ana mikorosho kama 40 hivi, akasema (rekodi saa 1 dakika 51): "Mimi sikusoma sana. Lakini nikipeleka mahindi mashineni madebe manane, nikirudi nayo pungufu, nauliza debe lipi limepungua. Nyie mnatupa jumla. Tusomeeni safari kwa safari."

Mwenyekiti akasema hati za kupokelea mzigo ziko ofisini, itachukua muda. Watu wakasema tutasubiri. Nikaenda kuzileta mimi mwenyewe, nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine. Gari lilikwenda safari 8. Ya kwanza zilipungua kilo 62, ya pili 71, ya tatu 58, ya nne 80, ya tano 66, ya sita 905, ya saba 95, ya nane 83.

Niliposoma ya sita kwenye rekodi unasikia kimya, afu mtu wa mbali anasema "rudia", nikarudia.

Yaani safari saba zote kwa pamoja zimepoteza kilo 515, safari moja peke yake 905. Gunia letu la juti linabeba kama kilo 80, kwahiyo hapo tunaongelea magunia 11 na zaidi. Mwanachama mmoja ambaye ni fundi pikipiki akasema unyaufu hauchagui safari, kama ni maji kukauka basi magari yote yangekauka. Bei ya mnada ambao mzigo ule uliuzwa ilikuwa shilingi 3,120 kwa kilo, hivyo ni 2,823,600. Hela hiyo ndo wenye stakabadhi za mzigo ule walikatwa kidogo kidogo bila kujua.

Mtunza ghala akaitwa aeleze. Hapa naomba msome kwa makini. Kuanzia saa 2 dakika 8 mpaka saa 2 dakika 17 ya rekodi mashine ya kusaga ya jirani iliwashwa na sauti yake haisikiki, yanasikika maneno mawili matatu tu, "mvua", "tairi" na "turubai". Sikutaka kuandika nilichokumbuka mimi maana mimi ni mfanyakazi mwenzake. Jumatatu nilimfuata mtunza ghala pamoja na wanachama watatu waliokaa mbele siku ile, wawili wa bondeni na mmoja wa juu, nikawaomba kila mmoja aseme alichosikia, vilivyokubaliana na wote wanne nikaandika, mtunza ghala akasomewa akasaini. Ni hivi: gari la safari ya sita liliondoka jioni, likapasuka tairi njiani, likalala huko usiku mmoja mvua inanyesha, na turubai lilikuwa limefunguliwa upande mmoja asubuhi yake. Yeye hakuwa kwenye gari, alikuwepo dereva na mpakiaji mmoja. Aliambiwa kwa simu, akamwambia meneja siku hiyohiyo.

Mashine ilipozimwa meneja alikubali kwamba aliambiwa. Alipoulizwa kwanini haikuandikwa kwenye taarifa alisema (saa 2 dakika 19): "Niliona zimepokelewa na mzigo umeuzwa, nikaona tukianza kelele malipo yatachelewa kwa wote. Hapo nilikosea."

Kwa haki yake naandika pia kwamba watu kadhaa walisimama wakasema wanamjua siyo mtu wa kula, na kweli malipo ya msimu huo yaliingia kwenye akaunti kwa wakati. Wengine walitaka asimamishwe palepale. Afisa ushirika akaeleza kwamba mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho kwenye chama kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, lakini mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa na maelezo ya dereva hayajapatikana bado.

Baada ya mjadala iliamuliwa, kwa kunyoosha mikono na hakuna aliyepinga, kilo 515 zikubaliwe kuwa unyaufu. Kilo 905 zisiitwe unyaufu kwenye karatasi yoyote ya chama. Imeundwa kamati ya watu watano nje ya bodi, bibi wa bondeni akiwemo, imuhoji dereva, mpakiaji, meneja na mwenye gari, na ilete taarifa kwa mkutano ndani ya siku 21, yaani kabla au ifikapo 6 Septemba. Mkataba wa kusafirisha na mwenye gari yule usisainiwe mpaka hapo. Na kuanzia msimu huu hati ya kila safari ibandikwe ukutani kwenye ghala siku inayofuata, kila mtu ajisomee.

SALFA

Malalamiko yalikuwa kwa waliokosa mgao wa salfa ya ruzuku. Walisimama 17. Wengi wao shida ni kwamba taarifa zao kwenye usajili wa wakulima hazijahuishwa, mwingine kabadili namba ya simu, mwingine shamba bado lina jina la marehemu. Mama mmoja mjane alisema mikorosho imechanua ukungu ukaingia, "maua yamekuwa meusi kama majivu ya jikoni, nikiyagusa yanadondoka." Alikuwa amekuja na tawi, akalipitisha watu wakalishika. Kwa msimu huu kwake imeshapita, salfa ya Agosti haiwezi kurudisha ua lililokwisha kudondoka, na hili liliniuma kwa kweli. Iliamuliwa ofisi ipite kitongoji kwa kitongoji kuhuisha taarifa kuanzia Januari badala ya kusubiri watu waje, na mtendaji wa kijiji atasaidia barua za mirathi. Mhusika ni mimi karani na mjumbe wa bodi wa kila kitongoji.

KANGOMBA

Mwenyekiti alikemea kuuza korosho kwa kangomba kabla ya minada. Kijana mmoja akajibu kwamba mtu anauza kwa bakuli siyo kwa kupenda, ada ya shule ni Januari na mgonjwa hasubiri mnada. Hoja hii haikupata azimio. Naiandika sababu ilisemwa na watu wengi wakaguna kukubali.

MAKISIO NA UKOMO WA MADENI

Makisio ya 2025/2026 yalipitishwa kama yalivyoletwa. Kuhusu ukomo wa madeni bodi iliomba upande kutoka milioni 30 kwenda milioni 45 ili wanunue mizani ya pili na kuezeka upya upande mmoja wa ghala. Watu wakasema kwanza tujue kilo 905 zilikwenda wapi. Kura: waliotaka milioni 45 ni 61, waliotaka ibaki milioni 30 ni 149, wasiopiga 21. Imebaki milioni 30, itapelekwa kwa Mrajis kuidhinishwa.

Mengineyo: mwembe unaoegemea paa la ghala ukatwe tawi moja tu, usikatwe wote. Viti 20 vya plastiki vinunuliwe kutoka kwenye ziada, wazee walikaa chini saa nne nzima.

Mkutano ulifungwa saa 8:37 mchana. Rekodi nzima iko kwenye kompyuta ya ofisi na nakala anayo mwenyekiti wa kamati ya watu watano. Anayeona nimemwekea neno ambalo hakusema aje ofisini kabla ya 6 Septemba tusikilize pamoja, nitarekebisha na nitaandika kwamba nimerekebisha.