Mama Salma, nichagulie siku ya mafundi kuja kukagua dari na ukuta

Bison, Tororo
Jumatatu, 23 Machi 2026

Kwa Mama Salma, nyumba namba 3

Assalamu alaykum.

Natumaini Idi imepita salama na watoto hawajambo. Salma nilimwona pale getini na gauni lake la sikukuu, mashaallah, amekua.

Nakuandikia kuhusu dari ya chumba cha watoto na ule ukuta ulio upande wa mwembe. Naomba unichagulie siku na saa itakayokufaa wewe, nije na mafundi wawili tukague vizuri kabla sijanunua hata msumari mmoja. Fundi wa mabati na fundi wa umeme wote wamekubali kuja, na siku wanazopatikana nimeziandika hapa chini. Najua uko kwenye zamu za usiku, na mtu aliyekesha wodini hawezi kugongewa mlango saa tatu asubuhi eti mafundi wamefika. Ndiyo maana nakuuliza kwanza.

Zile picha ulizonitumia kwa Watsapu baada ya mvua ya wiki iliyopita nimeziangalia sana. Doa la dari lina duara la kahawia pembeni na katikati pameanza kulegea. Kwenye ukuta rangi imevimba na kubanduka kuanzia juu mpaka karibu na soketi ile unayochajia simu. Doa la juu ni la mabati, sina shaka nalo. Linalonisumbua zaidi ni soketi. Uliniambia ukiigusa inakuwa ya moto na siku moja ilitoa cheche. Ukuta wenye maji na waya wa umeme havikai pamoja, na chumba chenyewe ni cha watoto. Kwa hiyo nakuomba kuanzia leo usiitumie kabisa, hata kwa simu. Kama swichi yake ndogo kwenye boksi la umeme unaijua, izime. Kama huijui, nipigie nikuelekeze, au mtume mtoto wa jirani aniite. Usimruhusu mtu yeyote kuifungua kwa bisibisi, hata akisema anajua.

Sasa kwa nini sitaki fundi apande tu juu akiwa nje, apake lami, ashuke? Kwa sababu hivyo ndivyo ilivyofanywa mwaka jana na unaona matokeo. Maji yakipenya kwenye tundu la msumari hayadondoki pale pale. Yanatambaa kwenye mbao za kenchi, yanafuata mteremko, ndipo yanaangukia dari mbali na yalipoingilia. Doa liko juu ya kitanda cha Salma, lakini tundu linaweza kuwa karibu na kilele cha paa, au pale mabati ya nyumba yanapokutana na mabati ya baraza. Misumari ya paa lile ni ya zamani, na mipira yake imekaushwa na jua mpaka inapasuka ukiibonyeza. Tena fundi mwingine akikosea hupiga msumari kwenye bonde la bati badala ya mgongo wake, na kwenye bonde ndiko maji yote yanakopita. Haya huwezi kuyajua ukiwa umesimama uani.

Kwa hiyo ukaguzi utakwenda hivi. Fundi wa mabati atapanda na jerikeni ya maji, aanze kumwaga kidogo kidogo kutoka chini ya paa akipanda juu. Msaidizi wake atakuwa ndani ya chumba na tochi, kichwa ndani ya dari, akiangalia maji yanapoanza kuonekana. Wakipapata wanaweka alama kwa chaki. Kazi hiyo inahitaji bati likiwa kavu, na ndiyo maana asubuhi ni bora, maana msimu huu mvua zetu hupenda kuja alasiri. Wakati huo huo fundi wa umeme atafungua ile soketi, atapima waya, ataangalia na waya wa ardhini kule nyuma ya jiko. Tororo tunajua radi zetu, sitaki tufike katikati ya masika waya ule haujaangaliwa. Huyu ana kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, nimekiona kwa macho yangu. Umeme utazimwa kwa muda wa saa moja hivi. Kama una kitu kwenye friji, usiifungue fungue tu, hakitaharibika.

Kwa jumla hawatazidi saa mbili. Siku hiyo hawatabomoa wala kupiga plasta. Wataangalia, watapima, wataniandikia vifaa vinavyohitajika, basi. Matengenezo yenyewe yatakuwa siku nyingine, na hiyo nayo tutaipanga pamoja.

Siku zenyewe ni hizi. Alhamisi tarehe 26, kuanzia saa tatu asubuhi, mafundi wote wawili wapo. Jumamosi tarehe 28 wapo pia, asubuhi saa tatu au alasiri saa kumi, mradi mvua isinyeshe. Jumanne tarehe 31 fundi wa mabati yupo saa kumi alasiri, ila wa umeme ana kazi Malaba, kwa hiyo angekuja peke yake siku inayofuata na wewe ungesumbuka mara mbili. Ijumaa nimeiacha kwa sababu ya sala, na Jumapili fundi wa mabati anakwenda kanisani na familia yake. Mimi kama mimi ningependa Alhamisi kwa ajili ya ile soketi, lakini kama Alhamisi asubuhi ndiyo unatoka zamu, basi usijilazimishe, chagua Jumamosi alasiri ulale kwanza. Na kama hakuna hata moja inayokufaa, niambie saa yako, mimi nitabembelezana na mafundi.

Naomba unijibu kabla ya Jumatano jioni, nipate kuwathibitishia. Nipigie, au tuma ujumbe kwenye namba ile ile unayonitumia kodi. Ukiandika tu "Alhamisi saa tatu" inatosha.

Usipojibu, haina maana kwamba nitakuja tu. Ufunguo wa akiba ninao, uko sandukuni kwangu, na hautatoka kwa ajili ya kazi hii bila wewe kusema. Pale ni kwako maadamu unakaa pale. Ukipenda tufanye kazi wewe ukiwa kazini, chagua mtu unayemwamini akae ndani badala yako, dada yako au Mama Kevini wa namba 4, halafu unitajie jina lake. Sitapenda mafundi wabaki peke yao na vitu vyako, hata kama nawafahamu. Na mimi mwenyewe nitakuwepo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya siku hiyo kuna mambo machache yatakayorahisisha kazi. Kitanda cha watoto kisogeze mbali na ule ukuta, hata hatua mbili tu, pasimamie ngazi. Kabati zito usiliguse, mafundi watalisukuma wao. Nguo na madaftari ya shule yafunike, kwa sababu ukifungua dari ya zamani vumbi linalotoka ni la miaka. Nina turubai kubwa, nitalileta. Na ukipata nafasi, chukua penseli uzungushe ukingo wa doa pale ukutani, uandike tarehe pembeni. Mvua ikinyesha tena kabla ya ukaguzi, fundi ataona limepanuka kwenda upande gani, na hilo litamsaidia kuliko maelezo yangu na yako.

Kuhusu gharama, usiwe na wasiwasi. Paa, ukuta na waya ni mzigo wangu mwenye nyumba, na kodi yako inabaki ile ile shilingi 350,000. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka nyumba ya kupangisha iwe inafaa mtu kuishi, na hata isingekuwa sheria, watoto hawalali chini ya maji. Ile swichi ya sebuleni uliyoinunua mwenyewe mwezi uliopita, shilingi 15,000 pamoja na fundi, ikate kwenye kodi ya Aprili. Risiti siihitaji, swichi nimeiona.

Kama kuna kitu kingine ndani ya nyumba kinachokusumbua na hujaniambia kwa kuona haya, niandikie pamoja na jibu lako, maana mafundi watakuwa tayari wamefika. Nimesikia kwa Mama Kevini kwamba koki ya jikoni inavuja usiku. Kama ni kweli, niambie nije na mpira wake, ni kazi ya dakika chache. Mlango wa nyuma nao nadhani umevimba kwa unyevu, nilikuona juzi ukiusukuma kwa bega.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito. Ukiona dari imeshuka zaidi, au maji yanachuruzika karibu na taa, au unasikia harufu ya waya kuungua, usingoje Alhamisi wala Jumamosi. Zima swichi kubwa kama unaweza kuifikia kwa mikono mikavu na umesimama pakavu, watoe watoto kile chumba, walale kwako au uwalete hapa kwangu, kisha unipigie hata kama ni saa nane za usiku. Ukiwa zamu, mwambie anayelala na watoto naye ajue hivyo. Simu yangu haizimwi.

Watoto wape salamu zangu.

Wako,
Mama Zubeda
Mwenye nyumba

Nimesahau: siku ya ukaguzi gari la mafundi litaingia na ngazi ndefu, kwa hiyo kamba ya nguo ile ya mbele itabidi ishushwe. Nitawaambia na wa namba 4.