Shukrani kwa wote mliotuma klipu za Baba na Mama

Assalaam aleikum ndugu zangu,

Filamu ya miaka 50 ya ndoa ya Baba na Mama imekamilika, alhamdulillahi. Ina dakika 38, na karibu zote ni zenu.

Shangazi wa Pangani, wimbo ulioimba kibarazani ndio unaofungua filamu. Sikuukata popote, na upepo wa baharini nimeuacha usikike. Mama aliposikia sauti yako tu, alijifunika ushungi usoni, kisha akataka irudiwe. Mjomba wa Muheza, ile habari ya Baba kushuka stesheni ya Tanga mwaka 1975 akija kuposa, viatu kavishika mkononi visichafuke, sisi watoto hatukuwahi kuisikia. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mungu akupe umri, Mjomba.

Ba'mdogo, usisikitike kwamba video yako ilitoka giza kwa sababu umeme ulikatika. Maneno yako nimeyaweka juu ya picha yao ya studio, na kwangu mimi hapo ndipo patamu kuliko pote.

Wajukuu wa Mombasa na Maskati, asanteni kwa kutuma kama faili. Picha zimebaki safi.

Tunaitazama Jumamosi baada ya Isha, uani kwa Baba, Ngamiani. Anayetaka nakala aje na fleshi, maana faili ni kubwa. Mama anaomba msiiweke stetasi, ibaki ya familia.

Asanteni sana, nawapenda nyote.