Ukiinua mkono, tunasimama

Maneno haya matatu yamepakwa rangi ya buluu juu ya mlango wa kliniki yetu ya meno hapa Arusha, na yameandikwa tena kwa herufi ndogo kwenye dari juu ya kiti, mahali ambapo macho ya mtu aliyelala chali hutua yenyewe. Ni ahadi yetu kwako. Karatasi hii tunakupa uisome ukiwa bado kwenye benchi la kusubiria, ili ujue ahadi hiyo inatekelezwa vipi kabla jina lako halijaitwa.

Karibu sana, ndugu yetu. Ikiwa umefika na mikono ya baridi, na usiku wa jana usingizi ulikupaa, tafadhali mwambie dada wa mapokezi bila kuona haya. Wengi wanaokuja hapa wana hofu, na si watoto peke yao. Ni watu wazima wenye familia na madaraka, ambao waling'olewa jino utotoni huku wameshikwa mikono na miguu, ganzi ikiwa haijashika sawasawa. Mwili haukusahau. Hofu ya namna hiyo ina sababu yake, na hapa hakuna atakayekucheka wala kukwambia ujikaze.

Kabla kazi haijaanza, daktari atakuomba mfanye jaribio dogo. Utainua mkono wa kushoto, naye ataondoa kifaa kinywani papo hapo na kusubiri mpaka uushushe. Tumechagua mkono wa kushoto kwa sababu daktari huketi upande wako wa kulia, hivyo mkono huo huwa huru bila kumgonga, na nesi aliye upande wa pili huuona mara tu unapoondoka kwenye tumbo lako. Hudaiwi sababu. Pengine umehisi maumivu, pengine mate yamejaa, pengine unataka tu kuvuta pumzi na kumeza. Yote hayo kwetu yana uzito mmoja. Yuko mama mmoja ambaye siku yake ya kwanza aliinua mkono mara tano kabla jino halijaguswa, na kila mara daktari aliweka mashine kwenye trei, akasogeza kiti chake nyuma, akatulia. Mara ya sita mkono ulibaki tumboni, na jino likazibwa.

Sasa tuzungumzie sindano, maana tunajua kwamba ndiyo inayokuweka macho usiku. Kwanza ufizi hukaushwa kwa pamba, kisha hupakwa jeli ya ganzi na kuachwa kwa dakika moja au mbili hadi ngozi ya juu ife ganzi. Sindano yenyewe ni nyembamba, na dawa husukumwa taratibu sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya maumivu ya sindano ya meno hutokana na dawa kusukumwa kwa haraka ndani ya nyama iliyobana. Dawa tunayotumia ni lignokaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943 na mwanakemia Nils Löfgren, na ambayo imetumika duniani kote tangu mwisho wa miaka ya 1940. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili isisambae upesi mwilini, na kwa sababu hiyo unaweza kuhisi moyo ukienda mbio kwa muda mfupi. Hali hiyo hupita, lakini tuambie inapotokea, na kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, ujauzito au dawa inayokudhuru, tuambie mapema kabla hatujaandaa chochote.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi huja wakiliamini, nalo linatusikitisha: kwamba wao wana mwili mgumu na ganzi haiwakolei. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba jino lilikuwa limeshatunga usaha. Uvimbe wa namna hiyo huifanya nyama ya pale kuwa na asidi zaidi, na ganzi hupoteza sehemu ya nguvu zake humo. Aliyeumia siku hiyo hakuwa na kasoro yoyote. Sisi tukikuta hali kama hiyo, tunaweza kupitishia ganzi mahali pengine, mbali na uvimbe, au kuutoa usaha kwanza na kulishughulikia jino baadaye. Vyovyote itakavyokuwa, tutagusa na kukuuliza kabla ya kuanza, na jibu lako ndilo tutakalolifuata. Hatung'oi jino ambalo mwenyewe anasema bado linauma.

Tunapenda pia kukuambia ukweli kuhusu kile utakachohisi. Ganzi huzima maumivu, lakini haiondoi kabisa hisia ya kusukumwa. Kwa hiyo wakati wa kung'oa utahisi msukumo mzito kwenye taya, na huenda ukasikia mlio wa kukwaruza, hata kama huumii. Mashine ya kuchongea nayo ina sauti kali kwa sababu ncha yake huzungushwa kwa upepo, mamia ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, huku maji yakirushwa ili jino lisipate joto. Sauti hiyo hufika masikioni mwako kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana kwako huwa kubwa kuliko anavyoisikia aliyesimama kando. Ukipenda, tutaiwasha kwanza nje ya kinywa, uizoee, na utalishika bomba la kunyonya mate kwa mkono wako.

Wapo wasioogopa maumivu hata kidogo. Wanachoogopa ni kufungua kinywa mbele ya mtu. Kwao tuna neno la pekee. Maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, kwa kuwa doa huanza kujengeka jino likiwa bado ndani ya ufizi. Huo si uchafu wala uzembe wa kupiga mswaki. Sisi wenyewe ni watu wa hapa hapa, na baadhi yetu tunayo meno hayo hayo. Vivyo hivyo, ikiwa miaka kumi imepita bila wewe kumwona daktari wa meno, hutaulizwa ulikuwa wapi. Utaulizwa ni wapi panapouma.

Mzazi uliyemleta mtoto, tunakuomba usimtishie kwa sindano akikosea nyumbani, na usimwahidi kwamba hatasikia kitu. Mwambie kwamba daktari atamweleza kila hatua, na umfundishe kuinua mkono.

Jumanne alasiri, kuanzia saa nane hadi saa kumi, kiti kimoja hakifanyiwi kazi yoyote. Kimewekwa kwa ajili ya wanaotaka kuketi tu, kulala na kuinuka, kuuliza, kuvitazama vifaa vikitolewa kwenye pakiti zilizopitishwa katika mvuke wa moto, kisha kwenda zao bila kulipa. Wengine hurudi wiki inayofuata, wengine baada ya miezi. Ukija siku ya matibabu, unaweza kuingia na mume, mke, dada au rafiki. Tutamwekea kigoda upande wa kulia, nyuma kidogo ya daktari, naye ataushika mkono wako wa kulia muda wote. Wa kushoto tunaomba auache.