Ombi la kubadilishiwa hita ya maji, nyumba ya Njiro

Njiro, Arusha
Jumatatu, 23 Juni 2025

Kwa Mzee Mushi,
Moshi

YAH: KUBADILISHIWA HITA YA MAJI ILIYOHARIBIKA

Shikamoo Mzee. Natumaini wewe na Mama mnaendelea vizuri. Sisi hapa ni wazima, tunapambana na baridi tu. Nimeamua kuandika kwa sababu tulipoongea Alhamisi simu ilikuwa inakatika, na jambo lenyewe lina hesabu ndani yake. Barua hii Neema atakusomea au atakupa mkononi. Picha nazo nimemtumia kwenye simu yake.

Hita ya bafuni imekufa, na safari hii haitengenezeki. Jumamosi ya tarehe 14, alfajiri, sakiti breka ilikata. Nikairudisha. Baadaye mama mkwe alikwenda kunawa, akatoka analalamika kwamba bomba linampiga shoti. Nikamwita fundi yuleyule aliyevuta umeme wa banda la uani, unayemfahamu mwenyewe. Akaizima hita kwa waya kabisa, akaishusha ukutani na kuifungua.

Alichokikuta ndicho ninachotaka ukione kwenye picha. Elementi imefunikwa na chumvi nyeupe ngumu kama ganda la yai, na chini yake bomba lake limepasuka, ndiyo maana umeme ukaingia kwenye maji. Kile kijiti cha ndani kinachotakiwa kuliwa na kutu badala ya tangi kimekwisha, umebaki waya mtupu. Tangi lenyewe limetoboka kwenye mshono wa chini. Ukiangalia picha ya tatu utaona michirizi ya kutu iliyofika mpaka kwenye vigae. Tena waya wa athi ulikuwa umekatika ndani ya ukuta, kwa hiyo shoti haikuwa na pa kwenda ila kwa mtu aliyeshika bomba. Namshukuru Mungu aliyeshika hakuwa Ibra.

Nilimuuliza fundi kama tangi linaweza kuchomelewa, kwa sababu najua hilo ndilo utakaloniuliza. Akasema linaweza, lakini moto wa kuchomelea unababua ile rangi ngumu iliyopakwa ndani kuzuia kutu, na baada ya miezi michache litatoboka pembeni ya palipochomelewa. Ufundi ungelipwa mara mbili na hita ingenunuliwa palepale.

Utakumbuka kwamba Oktoba mwaka jana elementi iliungua nikanunua nyingine, pamoja na ufundi ikafika shilingi 45,000. Sikukudai, kwa sababu kifungu cha 6 cha mkataba wetu kinasema matengenezo yasiyozidi shilingi 50,000 ni ya mpangaji. Kifungu hichohicho kinasema yanayozidi hapo, na vifaa vilivyokutwa ndani ya nyumba, ni vya mwenye nyumba. Kwenye karatasi ya makabidhiano ya Agosti 2023 imeandikwa kwa mwandiko wako: hita ya maji lita 50, inafanya kazi. Na kusema kweli dalali alipotuleta kuona nyumba, jikoni hakukaa hata dakika mbili. Alitupeleka moja kwa moja bafuni, akafungua bomba na kusema laki nne na nusu kwa mwezi ni bei ya bure kwa nyumba yenye maji ya moto.

Kwa sasa tunachemsha maji kwenye jiko la gesi. Mtungi wa kilo 15 uliokuwa unatupitisha miezi miwili sasa hautamaliza mwezi. Hilo ningelivumilia. Kisichonipa usingizi ni ile sufuria. Kutoka jikoni mpaka bafuni ni lazima upite ukumbini, na Ibra ana miaka mitatu, hajui kukaa upande. Mama mkwe naye miguu yake haipatani na maji baridi, hasa asubuhi za mwezi huu na ujao, unazijua baridi za Njiro.

Najua kuna zile hita ndogo za kufunga kwenye shawa, na bei yake ni rahisi zaidi. Nilimuuliza fundi nazo. Zile huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, nyingi zinapita kilowati 5, na waya uliopo bafuni ni wa milimita 2.5, hauwezi mzigo huo. Ingebidi kuvuta waya mnene kutoka kwenye mita, kuchimba ukuta na kupaka rangi upya. Halafu simtanki letu limekaa chini, presha ni ndogo, na maji ya huku yana chumvi, vitundu vya shawa vingeziba upesi. Kwa hiyo ninachoomba ni hita ya tangi, ya lita 50 ileile, iwekwe palepale ilipokuwa.

Nimeulizia bei katika maduka matatu ya mjini. Hita ya lita 50 yenye dhamana ya mwaka mmoja ni shilingi 380,000. Valvu ya presha na mipira ya kuunganishia ni 35,000, waya wa athi na swichi mpya 30,000, ufundi 40,000. Jumla ni shilingi 485,000. Ukimpata fundi wako wa huko mwenye bei nzuri zaidi mimi sina neno, mradi athi irudishwe. Hita mpya bila athi siwezi kuikubali ndani ya nyumba yenye mtoto.

Kama fedha haziko karibu sasa hivi, naelewa, mwezi wa ada za shule unakuja kwa kila mtu. Mimi naweza kutangulia kununua. Tarehe 1 Agosti natakiwa kulipa kodi ya miezi sita, shilingi 2,700,000. Ukiridhia, nitakulipa 2,215,000 pamoja na risiti zote halisi, na hita inabaki mali yako, tutaiandika kwenye karatasi ya makabidhiano. Lakini sitanunua chochote kabla hujaniandikia kwamba umekubali. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi utaje kiasi, isije ikafika Agosti tukaanza kukumbushana.

Naomba nipate jibu lako kabla ya Ijumaa tarehe 27, ili fundi aje Jumamosi nikiwa nyumbani. Siku nyingine za wiki niko zamu ya mchana, ila mama mkwe yupo na anaweza kumfungulia mtu yeyote utakayemtuma kuja kuangalia. Ukitaka kuja mwenyewe ndiyo vizuri zaidi, chai ipo.

Hita ya zamani ipo stoo, haijaguswa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walishaipigia hodi, nikawaambia ina mwenyewe. Utaniambia kama niiuze na fedha nikutumie au uichukue ukija.

Suala hili sijalipeleka kwa mjumbe wala kwa mtu yeyote, kwa sababu tangu tuingie hapa hatujawahi kushindwana, na sioni kwa nini tuanzie kwenye hita. Nakala ya mkataba na ya karatasi ya makabidhiano nimeziambatanisha.

Msalimie sana Mama.

Mpangaji wako,
Mama Ibra